Hausigeli ameondolewa jioni, hana karatasi: anadai nini?

Muuliza, Kireka: Jirani yetu amemfukuza msichana wa kazi juzi jioni. Alitolewa Arua, amekaa miezi 14, mshahara 200,000 kwa mwezi. Hakupewa karatasi yoyote wala Jumapili moja ya kupumzika. Kosa eti anavunja vyombo, na mshahara wa siku 12 za mwezi huu umezuiwa kufidia vyombo hivyo. Ana haki gani? Na je, ni sawa serikali kuingilia nyumba za watu kwa mambo haya?

Mama wa Ntinda: Hakuna mkataba, hakuna kesi. Hausigeli ni kibarua tu. Unamlipa, anakula kwako, analala kwako. Mkiachana mmeachana.

Msaidizi wa sheria, Arua: Mama, hapo umekosea mara mbili. Mkataba wa mdomo ni mkataba chini ya Sheria ya Ajira ya Uganda ya 2006. Kazi za nyumbani hazikutengwa, na mwajiri ndiye anayetakiwa kumpa mfanyakazi maelezo ya masharti kwa maandishi ndani ya wiki 12 tangu aanze. Karatasi ikikosekana, kosa ni la mwenye nyumba, na halimfutii binti haki yake. Pili, kanuni za ajira za 2011 zinasema mtu hawezi kubaki kibarua zaidi ya miezi minne mfululizo. Huyu ana 14.

Sasa hesabu. Nagawanya mshahara kwa siku 30, hivyo siku moja ni kama shilingi 6,667. Siku 12 alizofanya ni 80,000, na hizo hazina ubishi. Aliyefanya kazi mwaka mmoja hadi chini ya mitano hudai notisi ya mwezi mmoja, ama mshahara wake akiondolewa papo hapo, kwa hiyo 200,000. Likizo ni siku saba kwa kila miezi minne. Miezi 12 inampa siku 21, yaani 140,000. Jumla 420,000.

Kisha kuna suala la kusikilizwa. Mtu akifukuzwa kwa kosa, lazima kwanza aelezwe kosa hilo kwa lugha anayoielewa, akiruhusiwa kuja na mtu wake, ajibu. Hilo lisipofanyika kuna malipo ya wiki nne juu ya yale mengine, hapa kama 186,667. Kufoka jikoni usiku si kumsikiliza mtu.

Karani mstaafu, Jinja: Hesabu nzuri, ila usimpe binti matumaini yote kwa mkupuo. Kwenye likizo, Mahakama ya Viwanda imewahi kusisitiza kwamba mfanyakazi aonyeshe aliomba likizo akanyimwa. Hausigeli gani ameandika barua ya kuomba likizo? Hiyo 140,000 inaweza kubishaniwa. Siku 12 na notisi ndizo zilizosimama imara.

Msaidizi wa sheria, Arua: Nakubali, mzee. Ndiyo maana ujumbe wowote kwenye simu wenye maneno kama "mama, nataka kwenda nyumbani wiki mbili" ni dhahabu. Asiufute.

Dereva wa Mbale: Na vyombo? Kioo cha meza ni pesa nyingi jamani. Mimi nimemchukua binti wa dada yangu, akivunja namkata kidogo kidogo. Yeye ni ndugu, sheria hainihusu.

Msaidizi wa sheria, Arua: Ndugu dereva, una robo ya haki. Sheria inawaacha nje ndugu tegemezi pale wanapokuwa ndio wafanyakazi pekee wa shughuli ya familia, na wasizidi watano. Kama binti huyo analelewa kwako na kusomeshwa, pengine uko salama. Kama unamlipa kwa mwezi na ulimwita aje kufanya kazi, sioni afisa wa kazi akikubali neno "ndugu" kirahisi. Hapa panabishaniwa kweli.

Kuhusu kukata: mwenye nyumba hajipi ruhusa ya kukata mshahara kwa uamuzi wake peke yake. Anayedai fidia ya kioo athibitishe hasara na uzembe. Kuzuia mshahara wote wa siku 12 bila kuonyesha hata bei ya sahani moja ni kudhulumu. Na pesa zote za mwisho zinatakiwa zilipwe ndani ya siku saba baada ya ajira kuisha.

Mama wa Ntinda: Haya, nimesikia. Lakini siku ya kupumzika? Mtoto mchanga hajui Jumapili. Mkilazimisha, watu wataacha kuajiri, na wasichana wa Arua watabaki vijijini bila shilingi.

Karani mstaafu, Jinja: Hofu hiyo ina uzito, mama, siidharau. Ila sheria haikutaja Jumapili. Inasema mtu asifanye zaidi ya siku sita mfululizo bila siku moja ya kupumzika, na siku yenyewe ni ile ya desturi ama mliyokubaliana. Inaweza kuwa Jumatano, baba wa mtoto akiwa nyumbani. Kinachoharibika mara nyingi ni kwamba binti anaambiwa "pumzika" huku amebaki ndani ya nyumba. Mtoto akilia anaitwa, wageni wakija anapika. Hapo hajapumzika. Andikeni saa ya kutoka na saa ya kurudi.

Mwanaharakati, Gulu: Tatizo kubwa ni nani atakagua. Kiwanda kina lango na ofisi, nyumba ina pazia. Bunge lilipitisha marekebisho ya Sheria ya Ajira mwaka 2023 yaliyogusa wafanyakazi wa nyumbani, Rais akakataa kuyatia saini. Mimi ningetaka nakala ya masharti ikae kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji au mtaa, siku binti anapofika, kabla hajaonekana mbaya.

Karani mstaafu, Jinja: Mwenyekiti naye ni jirani wa mwajiri. Mimi ningependa nakala ya pili ibaki kwa mzazi aliyemtoa binti.

Muuliza, Kireka: Asanteni. Sasa jirani anasema akirudi kudai, ataripotiwa polisi kwa wizi.

Msaidizi wa sheria, Arua: Kama kuna wizi, polisi wachunguze, lakini tuhuma haifuti siku 12 zilizofanyiwa kazi. Binti aende kwa afisa wa kazi wa eneo lenu. Asiende kwanza kugonga lango la jirani akiwa peke yake. Abebe ujumbe wa malipo ya simu wenye jina la aliyemlipa, ataje majirani wawili waliomwona akifanya kazi, na aeleze tarehe ya kuanza hata kwa kukadiria: "wiki moja baada ya Pasaka" inatosha kuanzia. Malalamiko ya kufukuzwa isivyo haki yana miezi mitatu tangu siku ya kuondolewa, na yapo kwa aliyefanya angalau wiki 13. Asisubiri kikao cha ukoo mwezi wa kumi na mbili.

Na nauli. Aliyechukuliwa zaidi ya kilomita 100 kutoka kwao anaweza kudai kurudishwa kwa gharama ya mwajiri, na Arua imepita kilomita 100 mara nyingi. Ila haiji yenyewe kwa kila anayefukuzwa, kwa hiyo amwombe afisa wa kazi aiweke kwenye agizo lake.

Mama wa Ntinda: Bado nasema nyumba si kampuni. Lakini huyo alipwe siku zake 12 na nauli. Hilo sibishani nalo.