Kazi ya udadisi kwa simu: pauni 9 kwa kila dodoso, nikubali?

Neema, Leicester

Wapendwa, hamjambo? Watafiti wa chuo kimoja wanatafuta wadadisi wa Kiswahili wa kuwapigia simu wakulima Tanzania, ukiwa nyumbani kwako hapa Uingereza. Pauni 9 kwa kila dodoso lililokamilika na kupitishwa na msimamizi. Dodoso moja ni kama dakika 35. Mafunzo siku 3, hayalipwi. Fomu inajazwa kwenye programu ya simu ya ODK Collect. Nipo kwa viza ya masomo. Aliyewahi kuifanya aniambie.

Salum, Reading

Dada, achana nazo. Nilijaza maswali mtandaoni mwezi mzima nikaambulia vocha ya duka.

Baba Imani, Manchester

Salum, wewe ulikuwa unajibu maswali, Neema ataenda kuyauliza. Ni vitu viwili.

Neema, nimekuwa mdadisi, baadaye msimamizi. Usipige hesabu kwa zile dakika 35. Tuseme umepewa namba 40. Kumi zimefungwa au zina mwenyewe mwingine. Kumi hazipokelewi hata ukirudia siku na saa tofauti, na hairuhusiwi kuiacha namba mpaka utimize idadi ya majaribio waliyopanga. Watano wanakataa. Wanabaki 15. Kuhoji tu ni saa 8 na dakika 45, na kupiga, kurudia, kuweka miadi na kuandika matokeo ya kila simu kunakula saa 7 nyingine. Umelipwa pauni 135 kwa karibu saa 16, yaani pauni 8 na ushee kwa saa, chini ya kima cha chini cha mshahara hapa. Msimamizi akikataa madodoso matatu, unabaki na 108.

Kwa hiyo omba ulipwe kwa saa. Wakigoma, walipe kitu kidogo kwa kila namba uliyoimaliza kwa kufuata utaratibu, hata kama hakuhojiwa mtu. Na sababu ya kukataa dodoso iandikwe, ndani ya wiki moja, upate nafasi ya kumpigia tena mhojiwa.

Nasisitiza hilo kwa sababu hii. Fomu nyingi zinarekodi sauti wakati unahoji, na kuna faili la `audit` linaloonyesha umekaa muda gani kwenye kila swali. Swali la kusoma kwa sekunde 20 likijibiwa kwa 3, msimamizi anajua hukulisoma. Hapo ni haki yake. Ila ukipiga simu na kujaza fomu kwenye simu hiyohiyo, Android kwa kawaida inaizuia programu nyingine isinase maongezi, na faili linatoka kimya. Nimeona binti akishukiwa kwamba amepika majibu, kumbe ni hilo tu. Piga kwa simu moja ukiwa umeweka spika, jaza kwenye nyingine. Na mhojiwa aambiwe mwanzoni kwamba anarekodiwa. Asipotaka, rekodi izimwe.

Rehema, Cardiff

Viza isikutishe, mwanafunzi wa shahada anaruhusiwa saa 20 kwa wiki wakati wa muhula. Usizidishe tu.

Baba Imani

Rehema, hizo saa 20 ni za kuajiriwa. Malipo ya kila dodoso kwa ankara mara nyingi ni mkataba wa kujitegemea, na viza ya masomo hapa hairuhusu kujiajiri hata saa moja. Neema, waulize kama chuo kitakuingiza kwenye orodha ya mishahara. Jibu likiwa hapana, usiguse.

Espérance, Lille

Mie nilipigia watu wa Goma na Uvira, tukilipwa kwa saa. Si raha kama Baba Imani anavyosema. Kila Ijumaa walitazama nani amemaliza fomu chache, wakamwondoa, hata kama alipewa namba mbovu. Afadhali mie nilipwe kwa fomu, bei ikiwa nzuri. Tena namba ya Ulaya watu hawaipokei, wanadhani ni matapeli. Walipotupatia namba ya huko kupitia intaneti, ndipo wakaanza kuitika.

Baba Imani

Kwenye namba nakubaliana nawe kabisa. Kwenye malipo, hapana. Anayelipwa kwa fomu ndiye anayeharakisha kusoma ridhaa.

Neema

Ahsanteni. Nimewaandikia. Kulipa kwa saa wanasema inawezekana, mafunzo bado hawataki kulipia. Suala la viza wamelipeleka ofisi ya ajira ya chuo, nasubiri. Wakulima wanapatikana zaidi saa 12 jioni kwao, ambayo kipindi hiki cha baridi ni saa 9 alasiri huku, na mimi Jumanne na Alhamisi nina darasa. Halafu simu ya pili hawajaitaja popote. Huwa wanatoa wao, au mdadisi anajinunulia?

Espérance

Kwetu kila mtu alitumia yake. Ya kwangu ilikuwa ya mume wangu, na kila akirudi kazini anataka simu yake.