"NA NYIE PIA?" – Yule wa "karibu mpendwa" Mungu anamuona!

Mnamjua, anayetangaza mtandaoni nyumba ya kupangisha wageni Paje, bwawa, machela, kila sentensi "karibu mpendwa". Nimetoka Pemba na bibi harusi, boti, teksi, mabegi kama tunahama nchi. Tumeshuka pale pale alipotuma lokesheni. KIWANJA! Magugu, mbuzi kafungwa mnazini, na mlinzi wa jirani anatutazama, anauliza: "Na nyie pia?"

Na nyie pia! Laki nne nimetuma. Nyota tano tupu. Mke wangu kacheka mpaka ushungi umemvuka. NA NYIE PIA!

Mmakunduchi: Mbuzi mulimpa nyota ngapi?

Kibanda_Jambiani: Bwana harusi, tangazo lile nililiona. Picha ya tatu jua linazama baharini. Paje iko mashariki, jua linachomoza baharini, jioni linazama nyuma ya minazi. Picha ile ya Kendwa huko. Ya bwawa nikaitia Google Lens, ikaja hoteli ya nchi nyengine kabisa. Na maoni yote ya wiki moja, "pazuri, mwenyeji mzuri". Aliyelala Paje kweli lazima alalamikie maji kupwa, kayafuata baharini mpaka miguu imeuma.

Mama Shuu: Ndo maana mie naangalia Google Maps tu. Nyota nyingi, nalipa.

Kibanda_Jambiani: Dada, kule anaandika yeyote, hata asiyewahi kuvuka Chumbe. Booking.com anaandika aliyefanya buking. Na huyo naye anaweza kuwa shemeji yake, kwa hiyo soma wanaolalamika kwanza. Bwana harusi, alikwambia mutoke kwenye tovuti?

Mwenye uzi: Alisema tuje WhatsApp anipunguzie, tovuti inamkata kamisheni. Punguzo unalikataaje? NA NYIE PIA, jamani!

Kibanda_Jambiani: Punguzo lenyewe ndo ndoana. Airbnb inazishika hela, mwenyeji anaanza kulipwa kama saa 24 baada ya wewe kuingia. Ukikuta mbuzi unawapigia kabla hajalipwa. Ukilipa kwa kadi unaweza kuiandikia benki kupinga muamala, si lazima urudishiwe lakini una pa kuanzia. Ya simu akishaitoa kwa wakala imekwenda. Kabla ya namba ya siri lilikuja jina gani?

Mwenye uzi: La mwanamke. Nikajua mkewe.

Mmakunduchi: 😂😂 Mkewe mpendwa!

Mwenye nyumba wa Bwejuu: Nyie mnalia, na sisi wenye nyumba za kweli? Mgeni kanambia "nalipa nikifika", nimefua mashuka, nimenunua pweza, hakutokea. Mie sasa nataka nusu mbele.

Mama Shuu: Nusu mbele kwa nani? Wewe nawe unajuana na yule!

Mwenye nyumba wa Bwejuu: Nna leseni ya Kamisheni ya Utalii, njoo uione ukutani!

Mama Shuu: Hata leseni inapigwa picha.

Babu wa Fuoni: Asalaam aleikum. Hicho kiwanja cha Paje kinauzwa?

Mgeni_mpya: Kinauzwa mzee wangu, karibu mpendwa. Njoo inboksi, tanguliza elfu hamsini ya kuonyeshwa.