Hesabu ya wiki ya duka kwa nusu saa: niangalie nini hasa?

Mama Fremu
Habari za jioni wakuu. Nina duka la vyakula Mbagala Rangi Tatu: sembe, mchele, sukari, mafuta ya kupima, sabuni na vikorokoro vingine. Mchana niko kazini Posta, dukani anakaa mdogo wangu wa kiume. Kila jioni ananikabidhi mauzo na daftari linasomeka vizuri tu. Shida inakuja siku ya kwenda Kariakoo kujumlia: pesa haitoshi kurudisha mzigo uleule uliokwisha. Bei haijapanda, madeni ni yale ya kawaida, na bado mtaji unakatika.

Nataka kila Jumapili usiku tukae naye nusu saa tupitie mauzo, matumizi na mzigo uliobaki, nisisubiri mwisho wa mwezi. Kuhesabu duka zima haiwezekani, tulijaribu mpaka saa sita usiku na rafu moja ikabaki haijaguswa. Mngeangalia nini? Na nikiona upungufu nitajuaje umetokea wapi? Naomba kuwasilisha.

Kisu cha Buza
Dada, hapo huhitaji hesabu. Ndugu na duka haviendi pamoja. Funga kamera, mrudishe nyumbani, tafuta mtu baki. Wiki moja tu utaona mtaji umetulia.

Mjumlishaji
Usimvunjie mtu udugu bure. Hesabu ya wiki ni nyepesi: mauzo, toa manunuzi, toa matumizi. Kinachobaki ndiyo faida. Wiki mbili mfululizo ukikuta hasi, jua kuna tundu.

Binti Sinza
Kama ni suala la TRA, dada, kadiria mauzo mapema uende ofisini kwao kabla hawajakufuata. Mimi walinipangia kodi ya juu kwa sababu sikuwa na kumbukumbu.

Mama Fremu
Asante Binti Sinza, ila kodi ya serikali siyo tatizo langu kwa sasa.

Mzee wa Mizani
Mjumlishaji, umemwambia nusu. Matumizi yatolewe, sawa, ila manunuzi usiyatoe hivyo. Wiki aliyojaza stoo kwa ajili ya Ramadhani hesabu yako itasema amepata hasara, na wiki ambayo hakwenda Kariakoo itasema ametajirika. Kinachotolewa ni gharama ya mzigo uliouzwa. Unaipata kwa kuchukua kilichokuwepo, ukajumlisha kilichoingia, ukatoa kilichobaki.

Sasa Mama Fremu, chagua vitu vinne tu vinavyobeba pesa kubwa. Kwa duka kama lako nadhani ni sukari, mchele, sembe na mafuta. Sabuni na viberiti viache vya mwezi. Bandika karatasi pembeni ya mizani, kijana kila akiuza apige kijiti: robo safu yake, nusu safu yake, kilo safu yake. Akikopesha, kijiti kinapigwa na jina linaingia kwenye daftari la madeni. Ikitoka kwenda jikoni kwenu, kijiti pia, na safu ya nyumbani iwe ya peke yake. Hiyo ya nyumbani usiione ndogo, familia ya Mbagala inajua kunywa chai.

Jumapili mkishafunga mlango, kabla mzigo mpya haujaingia, pimeni kilichobaki. Mkipima huku wateja wanahudumiwa, namba zenu hazitakuwa na maana.

Matumizi yaandikwe siku hiyohiyo: kirikuu ya mzigo, umeme, vifuko, chakula cha kijana. Kodi ya fremu kama unalipa miezi sita kwa mpigo, igawe kwa wiki. Usipoigawa, wiki moja itaonekana ya maafa na nyingine zote zitakuonesha faida ambayo hauna.

Wakala Temeke
Kwangu shimo lilikuwa uwakala. Mteja anataka kutoa pesa, mtu anachota kwenye droo ya duka, jioni floti imejaa na droo imekauka. Nilidhani naibiwa kumbe pesa zote ziko kwenye simu. Mama Fremu, una lipa namba? Ya kwenye simu yanaingia kwenye mauzo ya siku?

Mama Fremu
Lipa namba ipo na simu ninayo mimi, naijumlisha mwenyewe kila usiku. Uwakala sina.

Nimerudi na hesabu ya wiki. Sukari: Jumapili iliyopita ilikuwa kilo 32, ikaingia mifuko miwili ya kilo 50, imebaki kilo 41. Kwa hiyo zimetoka kilo 91. Vijiti, pamoja na mikopo na ya nyumbani, vinasema kilo 84. Kilo 7 sizioni, na mimi nauza 3,000, ni 21,000 kwa wiki kwa sukari peke yake. Mchele umepungua kidogo. Mafuta kama lita moja na nusu. Sembe ya mifuko ya kiwandani iko sawasawa, hakuna hata mmoja uliopotea.

Kisu cha Buza
Si nilisema?

Mzee wa Mizani
Subiri kwanza. Kilichofungwa kiwandani kiko sawa, vinavyopimwa kwa mkono ndivyo vimepungua. Sukari mnaifunga vipi?

Mama Fremu
Asubuhi anafunga robo nyingi za kukaa tayari. Karibu yote inatoka kwa robo.

Mzee wa Mizani
Basi chukua robo kumi zilizofungwa, uziweke pamoja kwenye mizani. Moja moja huwezi kuona tofauti. Zinatakiwa kusoma kilo 2.5. Kilo 84 ni robo 336, kwa hiyo kila robo ikizidi gramu 20 tu unatoa bure kilo 6.7, na hapo kilo saba zako zote zimekwisha bila mwizi. Kabla ya hapo ijaribu mizani yenyewe kwa pakiti ya kiwandani ya kilo moja, na uangalie kama stika ya Wakala wa Vipimo haijapitwa na muda.

Pia mfuko ukishuka kwenye kirikuu upimwe kabla haujafunguliwa. Mifuko miwili ikija na kilo 48 kila mmoja, umeanza wiki ukiwa umepungukiwa kilo nne.

Kisu cha Buza
Mzee, nakuheshimu, lakini anayetaka kuiba atachota kwenye vinavyopimwa kwa sababu mfuko wa sembe unahesabika. Hoja yako haimtoi kijana.

Mzee wa Mizani
Ni kweli, haimtoi. Ndiyo maana nataka wiki nyingine tatu au nne. Tatizo la kipimo linakwenda na mauzo: ukiuza nyingi upungufu unakua, ukiuza kidogo unashuka. Ukikuta wiki hii kilo saba, wiki ijayo sifuri, halafu tena kilo kumi na mauzo ni yaleyale, hapo kuna mkono wa mtu au mikopo isiyoandikwa.

Mama Fremu
Nimepima. Mizani iko sawa kwa pakiti ya chumvi ya kilo. Robo kumi zimesoma 2.62. Nimepiga hesabu, gramu 12 kwa kila robo, inakuja kama kilo nne. Zimebaki tatu bado. Mifuko ile ilishafunguliwa, nitapima ya Alhamisi. Mdogo wangu anasema anaongeza kidogo ili wateja wasiende duka la jirani, na kwa kweli siwezi kusema amekosea kabisa.

Na mafuta je? Kipimo ni kilekile cha siku zote.

Mjumlishaji
Mafuta mnayomimina kwenye chupa, dumu likiisha mnalisimamisha kichwa chini au mnalitupa pembeni?

Mama Fremu
Anauza dumu tupu siku hiyohiyo.

Mjumlishaji
Mwambie aliache limeinamishwa juu ya sufuria usiku kucha kwanza, halafu mpime kilichochuruzika. Lita nzima haitafika, ila utajua ni kiasi gani cha kuondoa kwenye ile moja na nusu.