Fundi ni shemeji yake, na bado amesaini "sina mgongano wa maslahi"

Wakuu, jambo hili nimekaa nalo siku tisa, nimeshindwa kulimeza.

Shule yetu ya kata imepokea shilingi milioni 40 za madarasa mawili, milioni 20 kwa darasa, kiwango kilekile tulichokizoea tangu madarasa ya UVIKO ya 2021. Kazi ni ya fosi akaunti: shule inanunua vifaa yenyewe, fundi analipwa ufundi tu. Wazazi walinichagua kwenye kamati ya mapokezi. Nahesabu mzigo ukishushwa, nasaini, basi.

Mafundi wanne waliomba. Bahasha zikafunguliwa tarehe 4. Aliyepewa kazi aliandika 6,800,000. Aliyeandika 5,900,000 aliachwa eti hana uzoefu, na nyumba ya mwalimu iliyopo hapohapo shuleni aliijenga yeye! Aliyeshinda ni kaka wa mke wa mwenyekiti wa kamati ya ujenzi. Kijiji kizima kinajua.

Juzi nilikwenda ofisini kutafuta hati ya kupokelea nondo, nikawekewa faili lote mezani. Ndani mna fomu tano za tamko la maslahi, moja kwa kila mjumbe aliyechambua maombi. Zote zimeandikwa tarehe 11. Kalamu moja ya bluu, na mwandiko wa tarehe ni wa mtu mmoja, zinatofautiana saini tu. Mkataba wa fundi umesainiwa tarehe 9! Yaani watu wametamka kwamba hawana maslahi siku mbili baada ya kumpa mtu kazi. Na muhtasari wa tarehe 4 unaonyesha mwenyekiti alikaa kikao chote, tena ajenda ya fundi aliiongoza yeye.

Chini yake kuna nukuu tatu za bei ya saruji kutoka maduka matatu: 18,500, 19,000 na 19,300. Zote tatu zimeandika "sariji". Wiki ileile mimi nilinunua mfuko kwa 16,500 senta hiyohiyo. Mifuko ni 320, pigeni wenyewe: ni 640,000.

Nilipouliza niliambiwa, "Wewe kazi yako kuhesabu mifuko." Nilipoomba nakala ya muhtasari nikaambiwa ni siri. Siri ya nani, na darasa ni la watoto wetu?

Mwana wa Kilombero: Pole sana mkuu. Ufa ukianzia kwenye kona ya dirisha ujue linta haikukaa vizuri. Piga picha mapema kabla hawajapaka plasta.

Mleta uzi: Ndugu, hakuna ufa. Ndiyo kwanza msingi umeisha, na kusema kweli umejengwa vizuri. Nalalamikia alivyopatikana fundi, siyo kazi yake.

Sheria ni Msumeno: Hii mbona nyepesi. Ndugu wa mjumbe haruhusiwi kabisa kuomba kazi. Mkataba ni batili tangu siku ya kwanza. Andika barua PPAA, mamlaka ya rufaa za manunuzi ya umma, waufute.

Mzee wa Stoo: Nimefanya ugavi halmashauri mbili kwa miaka 22, sasa nimestaafu. Msumeno, hapo umepatia nusu tu. Kuwa ndugu peke yake hakumfungii fundi mlango. Vijiji vingine vina mafundi wawili wa maana, na wote ni ndugu wa mtu fulani. Kosa ni mjumbe kunyamaza na kuendelea kukaa.

Inavyotakiwa ni hivi. Orodha ya waombaji ikisomwa, kabla kamati haijagusa bei, mjumbe anasema, "Huyu ni shemeji yangu." Anatoka nje. Katibu anaandika jina lake, uhusiano wenyewe na saa aliyotoka. Hiyo saa ndiyo huwa naitafuta kwanza nikifungua faili, kwa sababu mtu anayetunga muhtasari baadaye huwa haikumbuki. Fomu nayo ina siku yake: haiwezi kutangulia majina, maana hujui unamtamkia nani, na haiwezi kuja baada ya uchambuzi. Sheria ya manunuzi ya 2011 tayari iliwataka wajumbe wa tathmini wasaini tamko hilo. Fomu ya tarehe 11 kwa mkataba wa tarehe 9 imejazwa kwa ajili ya mkaguzi. Hapo mleta uzi umeshika penyewe.

Kuhusu PPAA, wao husikiliza mzabuni. Mwenye haki ya kulalamika kwa njia hiyo ni yule wa 5,900,000, naye huanzia kwa afisa masuuli wa halmashauri, yaani mkurugenzi, tena siku zenyewe ni chache. Wewe njia yako ni mkaguzi wa ndani wa halmashauri, au TAKUKURU kwa 113. Usiandike "wanakula". Andika tarehe, ukurasa na saini ulizoziona. Wala usitoe karatasi hata moja kwenye faili, utageuzwa mwizi wewe.

Ila kwenye "sariji" usikimbilie. Duka hujaza bei kwenye orodha iliyotumwa na shule. Kama aliyekosea ni mwandishi wa shule, maduka yote matatu yatanakili kosa lake. Iangalie kwanza barua ya kuomba bei. Kisha nenda kwenye yale maduka mawili yaliyoshindwa, uulize kwa upole kama waliwahi kuandika nukuu hiyo. Na hiyo 18,500, je, ni pamoja na kufikisha mzigo shuleni?

Mama Neema: Naomba nami niseme langu. Mimi ni mweka hazina wa ujenzi wa ukumbi kanisani kwetu. Mume wangu anauza mabati. Aliomba, nikasema mbele ya kamati, nikatoka, nikakaa chini ya mwembe karibu saa nzima. Akapata, kwa sababu bei yake ilikuwa ya chini. Mpaka leo nasemwa. Siku moja mzee mmoja alinisema hadharani, mchungaji akausoma ule muhtasari, kimya kikatanda. Lakini malipo ya mabati nayasaini mimi. Hapo nifanyeje?

Mzee wa Stoo: Dada, hapo usisaini. Kutoka siku ya uchaguzi hakutoshi kama hela yake inapita mkononi mwako. Malipo yake yapitie kwa mjumbe mwingine, na liandikwe.

Kijana wa Mtandao: Kwani siku hizi si kila kitu ni NeST, ule mfumo wa manunuzi ya umma mtandaoni? Mfumo si ungewazuia?

Mleta uzi: Huku bahasha zilifunguliwa mezani, tukaambiwa taarifa zitaingizwa baadaye.

Mzee wa Stoo: Mfumo unatunza ulichouingizia na saa ulipoingiza, na hilo lina faida kubwa. Ushemeji hauujui mpaka mtu autamke.

Mleta uzi: Wakuu, nimerudi. Barua ya kuomba bei bado imebandikwa ubao wa matangazo, na "sariji" imo. Kosa ni la shule. Neno langu hilo nalifuta, na wenye maduka naomba radhi. Na kweli bei ni pamoja na usafiri, kilomita 14 za barabara mbovu, ingawa 2,000 kwa mfuko bado naiona kubwa. Duka moja limekiri nukuu ni yao. Jingine nimekuta limefungwa, jirani hajui mwenyewe yuko wapi.

Tarehe za fomu siziachi. Jumatatu naenda kwa mkaguzi wa ndani na barua ya ukurasa mmoja. Nimemfuata fundi wa 5,900,000 alalamike yeye kama mzabuni. Amekataa. Anasema maabara inakuja, na kamati ni ileile.

Sheria ni Msumeno: Basi na hiyo maabara mwenyekiti atakaa tena mezani?

Mleta uzi: Shemeji yake ameshaanza kupima kiwanja.