MREJESHO: Makande, mahindi magumu na maharage yaliyorojeka

Niliuliza: "Nipo Tanga. Nikipika githeri, makande yetu haya, maharage yanarojeka mahindi bado magumu, na chini yanaungua. Nifanyeje?"

Wadau, yameiva! Mahindi makavu niliyaloweka usiku kucha, nikayachemsha peke yake kama saa moja na nusu. Punje ilipoanza kuminyika huku kiini bado kinakaza, ndipo nikatia maharage yaliyolowekwa mbali. Maji ya kisima chetu yana chokaa, ambayo hukaza maharage, kwa hiyo nilitumia ya mvua. Nyanya mwishoni, maana uchachu nao huyakaza. Rojo lilipoanza kuwa zito, na hapo ndipo huungua, nilipunguza makaa, nikaongeza maji ya moto, mwiko ukipita mpaka chini. Tui zito nikalitia karibu na kuepua. Mama mkwe kaulizia ukoko, hakuna!