Nitajuaje idara zinazovuka bajeti ya ovataimu kila mara, siyo iliyovuka mara moja tu?

Karani_wa_Zamu

Wakuu habari za majukumu.

Niko ofisi ya mishahara kwenye kiwanda kimoja hapa Dar. Bosi kaniambia nimletee orodha ya idara "sugu", yaani zile zinazopitiliza saa za ovataimu zilizopangwa kwenye bajeti mwezi hadi mwezi. Data ninayo: mashine ya vidole inatoa mahudhurio, nayapakua kwenye Excel, kila mfanyakazi na saa aliyoingia na aliyotoka. Bajeti ya saa kwa kila idara ninayo pia.

Nimejumlisha Januari hadi Juni, nikatoa bajeti ya miezi sita, nikapanga kuanzia kubwa. Idara nne zinazobishaniwa ni hizi:

Ghala: bajeti 720, halisi 939, imezidi 219.
Matengenezo: bajeti 960, halisi 1,037, imezidi 77.
Ufungashaji: bajeti 1,800, halisi 1,795, haijazidi.
Boila: bajeti 540, halisi 482, haijazidi.

Nilivyopeleka, msimamizi wa Ghala akaja juu, anasema yeye siyo sugu, ni Juni tu walipohesabu mali. Nikaangalia nikaona ana hoja. Sasa nifanyeje? Nisaidieni kabla ya Ijumaa.

---

Mzee_wa_Hesabu

Kijana, jumla imekuficha. Tuwekee namba za kila mwezi tuone.

---

Karani_wa_Zamu

Hizi hapa mkuu, Januari mpaka Juni:

Ghala (120 kwa mwezi): 95, 110, 104, 118, 102, 410
Matengenezo (160): 171, 168, 177, 166, 174, 181
Ufungashaji (300): 240, 262, 345, 338, 351, 259
Boila (90): 71, 84, 80, 88, 76, 83

---

Mlinzi_Geti_B

Wakuu mimi nafanya saa 12 kila siku na ovataimu sijawahi kuiona kwenye hati ya mshahara. Hapo nahesabiwa idara gani?

---

Dada_Rasilimali

@Mlinzi_Geti_B, yako ni kesi nyingine kabisa ndugu yangu, fungua uzi wake tukusaidie vizuri. Kwa kifupi, sheria ya ajira ya 2004 inataka saa za ziada zilipwe mara moja na nusu ya mshahara wa msingi wa saa. Andika saa zako za kuingia na kutoka kila siku kwenye daftari lako mwenyewe, usitegemee la ofisi.

Karani, mimi ningeweka uvumilivu wa asilimia 10. Idara ikizidi chini ya hapo achana nayo, hakuna bajeti inayotimia saa kwa saa. Bosi hataki kusumbuliwa na saa sita.

---

Mzee_wa_Hesabu

Dada, kwa bosi anayeuliza "mwezi huu nani kanipasua mfuko?" uko sahihi. Swali la Karani siyo hilo. Jaribu asilimia 10 yako kwa Matengenezo: mpaka unakuwa 176, kwa hiyo wanaonekana kuvuka Machi na Juni tu. Idara iliyovuka miezi sita kati ya sita unaiandika mara mbili! Anayezidisha kidogo kidogo kila mwezi ndiye hasa tunayemtafuta, na uvumilivu unamfungulia mlango wa nyuma.

Kwa hiyo Karani, tenga maswali mawili. Imevuka mara ngapi, na imevuka kwa kiasi gani. Usiyachanganye kwenye safu moja.

Panga data iwe mstari mmoja kwa idara kwa mwezi. A ni idara, B mwezi, C bajeti, D saa halisi. E iwe alama ya kuvuka, F iwe mfululizo:

```
E2: =IF(D2>C2,1,0)
F2: =IF(E2=1,IF(A2=A1,F1,0)+1,0)
```

Vuta zote mbili mpaka chini. F inaongeza moja kila mwezi idara ikivuka, na inarudi sifuri ikitulia au idara ikibadilika. Kisha kwa kila idara:

```
=SUMIFS(E:E,A:A,"Ufungashaji")
=MAXIFS(F:F,A:A,"Ufungashaji")
```

Ya kwanza ni idadi ya miezi, ya pili ni mfululizo mrefu kuliko yote. MAXIFS haipo kwenye Excel za zamani, kama ofisi yenu bado iko 2016 tumia PivotTable uchukue kubwa ya F.

---

Karani_wa_Zamu

Asante sana mkuu. Nimefanya. Ghala 1, Matengenezo 6, Ufungashaji 3, Boila 0. Ila Ufungashaji mfululizo unakuja 2, na mimi kwa macho naona Machi, Aprili na Mei zinafuatana. Nimekosea wapi?

---

Mzee_wa_Hesabu

Miezi umeiandika kwa maneno, halafu ukapanga kwa A mpaka Z. Aprili imekuwa ya kwanza, Machi na Mei ziko chini pamoja. Andika tarehe kamili, mfano ya kwanza ya kila mwezi, panga kwa idara halafu kwa tarehe. Itakuja 3.

Na hiyo Ufungashaji iangalie kwa jicho la pekee. Kwenye orodha yako ya kwanza ilionekana haijazidi, kwa sababu Januari, Februari na Juni zilifunika miezi mitatu mibaya. Mkuu wa idara akijua mnajumlisha nusu mwaka, anajua pia namna ya kujificha.

---

Kijoti

Ufungashaji miezi ya mvua, si agizo la wateja tu hilo? Mnagawa bajeti ya mwaka kwa 12 sawasawa kana kwamba kila mwezi unafanana. Kwetu tulibishana mwaka mzima, kumbe tatizo ni yule aliyegawa kwa 12.

---

Karani_wa_Zamu

Kijoti ni kweli imegawanywa kwa 12. Nitaliandika hilo.

Mzee nimepanga upya, 3 imekuja. Jambo moja la mwisho, sijui kama lina maana. Wakati nasafisha data kulikuwa na mistari 61 ambayo saa za kazi zilitoka `######`, nikaifuta maana niliona ni hitilafu ya mashine.

---

Mzee_wa_Hesabu

Ee bwana wee. Irudishe yote kabla hujaenda kulala.

Nipe mstari mmoja uliofuta, kama ulivyo.

---

Karani_wa_Zamu

Fundi wa boila: kuingia 22:00, kutoka 08:00. Kwenye karatasi ya mahudhurio B ni kuingia na C ni kutoka, nimetoa C2-B2.

---

Mzee_wa_Hesabu

Hapo ndipo. Ameingia saa nne usiku, ametoka saa mbili asubuhi siku ya pili. Wewe umetoa 8 kasoro 22, ikawa hasi, na Excel haina namna ya kuonyesha muda hasi, inajaza hizo alama. Mashine ni nzima, huyo mtu kafanya kazi usiku. Tumia hii:

```
=MOD(C2-B2,1)*24
```

Kisanduku kiwe cha namba, siyo cha muda, itakupa 10. Toa saa moja ya mapumziko, zinabaki 9. Kama zamu yenu ni saa 8, ana saa moja ya ovataimu. Na zamu iliyoanza usiku wa tarehe 31 ihesabu mwezi ilipoanzia. Hata sheria yetu inapima "siku" kama saa 24 tangu mtu anapoanza kazi kwa kawaida, siyo tangu saa sita usiku.

Tahadhari moja. MOD haitakuonya mtu akisahau kugusa wakati wa kutoka. Kisanduku kitupu Excel inakisoma kama saa sita usiku kamili: aliyeingia 22:00 atapata saa 2, aliyeingia 07:00 atapata saa 17 na utamlipa ovataimu ya bure. Chuja visanduku vitupu kwanza, uvipeleke kwa wasimamizi wavithibitishe kwa mkono. Usivifute na usivikisie.

---

Karani_wa_Zamu

Wakuu nimechoka lakini nimemaliza. Mistari 61 yote ni ya Boila, hao ndio pekee wenye zamu ya usiku. Namba zao mpya: 98, 107, 95, 112, 93, 104. Bajeti ni 90. Kutoka 0 wamekuwa 6 kati ya 6!

Kumbe idara niliyoiandikia bosi kuwa ndiyo ya mfano wa kuigwa...

---

Spana_17

Mimi ni msimamizi wa matengenezo, siyo kiwandani kwako lakini naona mnaelekea kutuchoma. Bajeti yetu ilipigwa tukiwa mafundi nane. Wawili waliondoka, nafasi hazijajazwa, mashine ni zile zile. Ukiniita sugu, nani atatengeneza saa tisa usiku?

---

Dada_Rasilimali

Spana ana hoja. Karani, ongeza safu ya watu waliokuwepo kila mwezi na waliokuwepo kwenye bajeti. Idara iliyovuka ikiwa pungufu na idara iliyovuka ikiwa kamili ni habari mbili.

Na angalia mtu mmoja mmoja pia. Kikomo cha sheria ni saa 50 za ziada ndani ya mzunguko wa wiki nne. Idara inaweza kuwa ndani ya bajeti huku saa zote zimebebwa na watu wawili.

---

Mzee_wa_Hesabu

Kuhusu watu naunga mkono, ila alama ya kuvuka ibaki kama ilivyo. Sababu iandikwe pembeni, isipunguze hesabu. Ukianza kusamehe ndani ya fomula, mwezi ujao kila idara italeta barua.

---

Spana_17

Barua tunaleta kwa sababu orodha ikifika juu hakuna anayesoma pembeni.

---

Karani_wa_Zamu

Nimepeleka leo asubuhi. Orodha: Boila 6, Matengenezo 6, Ufungashaji 3 mfululizo, Ghala 1. Pembeni nimeandika nafasi wazi (Matengenezo moja, Boila hakuna) na bajeti iliyogawanywa kwa 12. Msimamizi wa Ghala kanipa mkono, wa Boila hajanisalimia.

Bosi kauliza jambo ambalo sikuwa na jibu. Machi hadi Mei watu wanne wa Ghala waliazimwa Ufungashaji, na saa zao nimeziweka Ufungashaji walikofanya kazi. Msimamizi wa Ufungashaji anasema zirudi Ghala kwa sababu mishahara yao inatoka huko. Nyie mnaweka wapi?

---

Kijoti

Sisi kwa aliyeazima, yaani walikofanya kazi.

---

Dada_Rasilimali

Sisi kwa anayelipa mshahara, na ugomvi haujaisha tangu 2021.