Manuali ya PDF: pdfgrep au programu inayotafuta kwa maana?

DukaLaMwanga: Wakuu habari. Nauza inverta na betri, mafundi wangu kutwa wananipigia kuuliza vitu ambavyo vimo kwenye manuali. Nataka fundi aulize, aletewe kifungu chenyewe na namba ya ukurasa. Nichukue ipi hapo juu? Naamua wiki hii.

kapteni_bara: PDF ya maandishi au ya kuskani? Lugha gani? Unaleta swali nusu unataka jibu zima.

Zuwena_T: Chukua ya maana, pdfgrep ni ya kizamani. Fundi akiandika "betri haijai" analetewa hata kifungu kinachosema chaji ni ndogo.

kapteni_bara: Hapo sawa, ila akiuliza kodi ya hitilafu F07 hiyo yako inaweza kumletea F01 na F17, kwake zinafanana. Kodi tafuta neno lenyewe:

```
pdfgrep -n "F07" manuali.pdf
```

Namba iliyotangulia mstari ndo ukurasa.

Mzee_Soketi: Mi nataka kugeuza PDF iwe Word, nani anajua?

fundi_jongoo: Mzee fungua uzi wako bwana. Mi ya maana imeniunguza. Mteja ana betri ya jeli, nikauliza volti za kuchaji, nikajibiwa 14.8, ukurasa wa 47. Nikafungua 47 kweli 14.8 ipo, nikaseti nikaondoka. Wiki tatu mbele napigiwa simu betri imevimba. Kurudi kwenye manuali kumbe jedwali limeanzia 46, vichwa vya safu vimebaki huko, 47 kuna namba tupu. 14.8 ni ya betri ya maji, ya jeli ilikuwa 14.1 safu ya pembeni. Programu ilikata maandishi ukurasa kwa ukurasa, namba zikabaki hazina mwenyewe. Betri nikalipa mimi.

Zuwena_T: Sasa hapo kosa lako, ungesoma na ukurasa wa nyuma.

fundi_jongoo: Juu ya ngazi, jua la saa saba, simu kioo kimepasuka? Haya.

kapteni_bara: Dawa ni kurudia vichwa vya jedwali kwenye kila kipande kabla ya kukiingiza. Lingine, 47 ya wapi? Manuali ikiwa na kurasa 12 za mwanzo za namba za Kirumi, 47 iliyochapwa ni ya 59 kwenye PDF. Jaribu `--page-number=label`, ila inasaidia tu kama aliyetengeneza faili aliweka hizo namba.

DukaLaMwanga: Samahani nilisahau, manuali ni ya Kiingereza, mafundi wanauliza Kiswahili. Na nimejaribu pdfgrep sasa hivi haileti kitu, hata neno "battery".

kapteni_bara: Si nilikuuliza! Hiyo imeskaniwa, ni picha tupu. Pitisha `ocrmypdf` kwanza igeuze picha kuwa maandishi, halafu kagua majedwali kwa macho, 14.1 hugeuka 141 usijue.

Zuwena_T: Na kama wanauliza Kiswahili basi yangu imeshinda 😄

fundi_jongoo: Imeshinda wapi, F07 ni Kiswahili au Kiingereza?

Mzee_Soketi: Hiyo ocrmypdf inatoa Word?